Miezi Iliyolala kwa Dada

Séphora alipoambiwa kwamba miaka minane ya kazi yake haionekani, alijibu, "Sawa." Ndivyo alivyojibu pia walipomwambia kuwa mumewe hatapona, na ndivyo alivyojibu mwanawe alipoaga kwenda kutafuta maisha Kampala na simu zake zikaanza kupungua hadi zikakoma. Majirani zake wa Kimemi, pale Butembo, walisema ni mwanamke wa moyo mgumu. Walikosea. Moyo wake ulikuwa umechoka tu, na mtu aliyechoka huwa haitiki kila anapoitwa.

Alikuwa ametimiza miaka sitini. Depo la kahawa alikofanya kazi lilimpa keki, kanga mbili na karatasi ya kumaliza kazi, na akaambiwa aende ofisi ya Caisse, ile ya usalama wa jamii, akaombe pensheni yake. Akaenda na kanga moja kiunoni, ile nyingine ameiweka ya harusi. Hakuwa na shaka yoyote. Kila mwezi, kwenye karatasi ya mshahara, palikuwa na mstari wa Caisse, na kila mwezi mstari ule ulimega kitu. Mtu akimegewa miaka yote hiyo huamini kwamba mahali fulani kuna mkate.

Nani kati yetu huenda kuomba taarifa ya michango yake angali na nguvu? Caisse tunaikumbuka kama tunavyomkumbuka padri, tukianza kuumwa. Séphora hakuwahi kuiomba hata mara moja. Aliyemtolea taarifa ile, siku hiyo ya kwanza, alikuwa Ilunga, afisa wa makamo aliyeletwa kutoka upande wa Katanga, mtu mpole aliyezoea kusema mambo mabaya taratibu. Aliichapa, akaisoma, akaisoma tena, ndipo akaigeuza imwelekee.

"Mama, miezi yenye iko hapa haitoshe," alisema. "Loi, ile sheria, inaomba mia moja makumi nane. Weye uko na mia moja makumi tano na sita. Inapunguka makumi mbili na ine."

"Nilianza mbele ya hapo," alisema Séphora. "Balikuwa banakata ku mushahara yangu."

"Mbele ya hapo jina yako haiko. Kwetu unaanza kuonekana miaka kumi na tatu sasa."

"Na ikipunguka, bananipa nini?"

"Banakupa allocation unique. Ni feza ya mara moja, kisha basi. Mais pension ni ya kila mwezi, mpaka siku Mungu atakuita. Donc haiko kintu kimoja, mama."

Séphora aliitazama karatasi. Pesa ya mara moja ingelipa kodi aliyokuwa akidaiwa, ingenunua mbegu za maharagwe kwa shamba dogo la Musienene, na kabla viazi havijachimbwa ingekuwa imekwisha. Baada ya hapo angebaki na mgongo wake, na mgongo wenyewe ulikuwa umeinama juu ya meza ya kuchambulia kahawa miaka ishirini na moja. Alilijua hilo vizuri. Alilijua kama mtu anavyojua kwamba nje kunanyesha.

"Sawa," alisema.

"Haiko sawa," alisema Ilunga. "Uko na bulletins za zamani, zile karatasi za mushahara? Kama iko, leta. Kama patron alikata na hakudeclarer, hakutangaza jina yako, tutatuma contrôleur akakague. Feza ya mufanyakazi ikishakatwa, ni deni ya patron, haiko deni yako."

Hapo Séphora angeweza kumwambia. Alilijua jibu lote, limekaa kinywani, lakini hakuona namna ya kuanza. Kwa hiyo akarudi nyumbani kuzitafuta karatasi alizozijua kwa moyo.

Sasa ni lazima tuseme habari ya kiti.

Mzee Kitsa, aliyeanzisha depo lile, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyabiashara wa kizamani. Kwake wachambuzi wa kahawa hawakuwa watu mmoja mmoja. Meza ilikuwa na viti, na kila kiti kilikuwa cha nyumba fulani. Mama akizaa, binti yake mkubwa alikuja kukalia kiti. Mtu akiugua, alimtuma mdogo wake. Mwali akiolewa mbali, familia ilileta mwingine, na Kitsa aliuliza swali moja tu: "Ni wa nyumba ile?" Wakisema ndiyo, alikaa, na kazi ikaendelea kwa jina lililokuwapo. Mtu wa sheria akisikia hivyo atashika kichwa. Lakini katika mji ambao serikali ilikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, kiti cha Kitsa kililisha watu. Hakuna aliyekiona kuwa udanganyifu. Kilionekana ni wema, na kwa kweli kilikuwa wema pia.

Kiti cha nyumba ya kina Séphora kilikuwa cha dada yake mkubwa, Maliro. Maliro alichambua kahawa miaka kumi na mitatu, kisha akamfuata mume Beni, na Séphora akaja kukaa. Kwa miaka minane aliitika "Maliro" asubuhi walipoita majina. Alitia sahihi Maliro. Siku moja mwanawe, angali mdogo, alikuja kumwita kwa sababu ya homa ya nyanya yake, na mlinzi akamfukuza: hapa hakuna mtu anaitwa Séphora. Walilicheka jambo hilo wiki nzima mezani.

Halafu Kitsa akafa, watoto wake wakamleta mhasibu aliyeitwa Mukendi, mtu wa Kasai, mwenye miwani na haraka. Mukendi alishtuka. Akaamuru kila mtu alete kadi ya mpiga kura, na jina la kwenye kadi ndilo liwe jina la kazini. Séphora akaandikishwa upya kwa Caisse, akapewa namba yake, akafurahi kuitwa kwa jina lake. Ya nyuma, hakuna aliyeuliza. Mukendi hakuuliza kwa sababu alitaka vitabu safi kuanzia siku ile. Wanawake hawakuuliza kwa sababu, vichwani mwao, Caisse ilikuwa kama Kitsa: inakijua kiti, itamjua na aliyekikalia. Kosa hilo ni la kwetu hasa, na halikufanywa na wajinga. Walilifanya watu waliozoea kutendewa kwa imani.

Siku ya pili Ilunga alizipanga bulletins mezani, akasoma jina la juu, akamtazama Séphora.

"Hizi ni za Maliro."

"Ni zangu. Maliro ni yaya yangu. Nilikala ku kiti yake."

Akamweleza yote. Ilunga hakumkatiza. Kisha akaandika namba iliyokuwa kwenye bulletins, akangoja mashine imjibu, na ilipomjibu akavua koti lake, akalitundika nyuma ya kiti, ingawa hapakuwa na joto.

"Patron alilipa," alisema. "Miezi yako yote iko. Mais iko kwa yaya yako. Na ule yaya yako beko banamulipa pension, kule Beni. Miaka tatu sasa."

Séphora aliyasikia maneno yale moja moja. Yaya, pension, Beni, miaka mitatu. Alingoja kuumia. Alitaka kuumia, maana mtu anayeumia hujua la kufanya, anapiga kelele au analia, na watu wanakuja. Hakuja mtu wala kitu.

"Bila miezi yangu, yeye angekuwa na ngapi?" aliuliza.

Ilunga akahesabu kwa kalamu. Alipomaliza akakuna kidevu.

"Sawasawa na weye. Naye ingemupunguka."

Kisha akamweleza njia, maana ilikuwa kazi yake. Séphora angeweza kuandika réclamation, yaani malalamiko, kueleza kwamba kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani aliyefanya kazi chini ya namba ile ni yeye, aambatishe bulletins na majina ya mashahidi waliokaa naye mezani. Contrôleur angeenda depo, angesikiliza watu, na kama ushahidi ungesimama, miezi ingehamishwa. Depo lingejibu kwa nini lilitangaza mtu asiyekuwapo. Na faili la Maliro lingefunguliwa upya. Pensheni yake ingesimama, na angeombwa kurudisha alichokula kisichokuwa chake.

"Na weye pia bangekuuliza juu ya sahihi," aliongeza. "Sikuogopeshe. Ninakuambia tu ili ujue."

"Mara akikufa, pension yake inabakia kwa nani?"

"Iko na bwana? Iko na batoto badogo?"

"Bwana balimuuaka mu shamba. Batoto bake ni bakubwa. Iko na bajukuu."

"Bajukuu hapana. Akikufa, inakufa naye."

Séphora akakusanya bulletins zake, akazifunga na mpira. Ilunga akamwambia asitie sahihi chochote siku ile, aende kwanza akaonane na ndugu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanye nini kama nguo yenyewe ndiyo hiyo moja aliyo nayo.

Alikwenda Beni kwa gari dogo lililobana abiria na magunia ya makaa. Njiani, Maboya na kuendelea, askari waliomba vitambulisho, na Séphora alionyesha kadi yake akijisikia ajabu kidogo kuliona jina lake limekaa pale bila wasiwasi. Abiria wengine walizungumza habari za mauaji ya juma lililopita, kijiji gani, watu wangapi, kwa sauti ile ile ya kuulizana bei ya mchele. Yeye alitazama migomba.

Motari, mwenye pikipiki ya abiria, alimshusha mtaani Mulekera, pale Beni, mbele ya nyumba ya mbao yenye bati jipya. Bati lile alilitazama kwa muda. Maliro alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, na wajukuu watatu, wote wa binti yake aliyekufa, walikuwa wakigombania ndoo. Walikumbatiana. Maliro alikuwa amekonda, na alikuwa na miaka mitatu tu zaidi ya mdogo wake, lakini alionekana kama mama yake.

"Karibu, mudogo wangu. Mbona hukupiga simu? Ningetafuta hata kuku."

"Nilitoka ku Caisse," alisema Séphora.

Maliro aliuweka mchi chini. Hakuuliza Caisse gani. Akawatuma watoto kuchota maji, wote watatu kwa ndoo moja, na walipotoka akakaa kwenye kigoda.

"Nilijua utakuya," alisema. "Nilikuwa ninahesabu miaka yako. Nilisema, mwaka huu njo anafikisha makumi sita."

"Ulijua ni miezi yangu?"

"Nilijua." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nilienda kule ju banipe ile ya mara moja. Ule wa bureau akaniambia, mama, uko na haki ya pension, miezi iko mingi. Nikahesabu mu kichwa. Nikaona ni weye. Ilikuwa kisha kumuzika bwana, na hawa batoto balikuwa banalala bila kula. Nikanyamaza. Nikasema, ni Mungu."

"Haikukuwa Mungu."

"Hapana. Haikukuwa."

Basi Maliro akaanza kulia. Alilia kweli kweli, kwa kamasi na mabega, kilio cha mtu aliyekishika muda mrefu. Alisema kwamba kiti kilikuwa chake, kwamba alimwachia mdogo wake kazi bila kumdai hata kilo ya chumvi, kwamba kama kiti ni cha nyumba, na miezi je, si ya nyumba? Kisha akayakana maneno yake mwenyewe, akasema ni mwizi, akasema afadhali risasi zilizomuua mumewe zingempata yeye. Séphora alikaa akimtazama. Aliona huruma inamstahili dada yake, kama mtu anavyoona chakula kimepikwa vizuri ilhali hana njaa. Alinyoosha mkono akauweka begani kwa Maliro kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

"Nikiandika réclamation," alisema, "banasimamisha yako. Na banakuomba urudishe."

"Andika. Niko na nini ya kukukatalia?"

"Utarudisha na nini?"

Maliro alitazama juu, kwenye bati. Wote wawili walilitazama. Watoto wakarudi na ndoo nusu, nusu nyingine imemwagika njiani, na mdogo wao, msichana wa kama miaka sita, akamletea Séphora maji kwenye kikombe, amepiga goti moja kama alivyofundishwa. Séphora akanywa. Akasema "wasingya," asante ya kwao, na mtoto akacheka kusikia inavyotamkwa na sauti iliyofanana hivyo na ya nyanya yake.

Walikula bugali na sombe bila kuzungumza habari ile. Ilikuwa baada ya kunawa ndipo Maliro alipoisema, pole pole, akiangalia pengine.

"Tugawanye. Kila wakati bananilipa, ninakutumia nusu ku téléphone. Nusu kabisa, sitagusa. Tangu leo mpaka nitakufa."

Séphora alilipima neno lile. Hakulipima kwa moyo, kwa kuwa moyo haukusema kitu. Alilipima kama alivyopima kahawa, mbegu mbovu huku, nzima huku. Akiandika réclamation, angeweza kushinda baada ya mwaka, au miwili, au akaulizwa juu ya sahihi, na uani pale Mulekera watoto watatu wangerudi kulala bila kula. Asipoandika, angechukua pesa yake ya mara moja na nusu ya pensheni isiyo na jina lake. Katika hayo mawili, hakuna lililokuwa haki. Moja lilikuwa na chakula cha watu wengi zaidi.

"Na ukikufa mbele yangu?" aliuliza.

Aliuliza bila ukali wowote, na labda hilo ndilo lililomwuma Maliro zaidi.

"Nikikufa, inaisha," alisema Maliro. "Donc uniombee."

"Sawa," alisema Séphora.

Aliporudi Butembo, alikwenda kwa Ilunga na kusema anataka allocation unique. Ilunga alimtazama, akavuta fomu. Alikuwa na dada zake, huko kwao, na hakuwa mtu wa kudai maelezo asiyotaka kuyaandika. Akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Séphora akaandika jina lake, lake hasa, kwa herufi kubwa, na habari yote ya kahawa na Caisse na kiti ikafungwa mbele yake. Nje alinunua ndizi mbili, akazila zote mbili akiwa amesimama.

Maliro alitimiza neno. Kila alipolipwa, simu ya Séphora ilitoa mlio, na nusu ilikuwa nusu. Kodi ya Kimemi ilipatikana. Maharagwe ya Musienene yalipandwa. Ukiwauliza majirani, watakwambia mama Séphora siku hizi hana neno, amezeeka vizuri, na ana upendo wa ajabu kwa dada yake. Maana kila siku humpigia.

Hampigii kwa mazungumzo marefu. Humwuliza amelalaje. Humwuliza kama amemeza dawa ya tension, ile ya presha, amemeza saa ngapi, na kama zinabaki. Akisikia Maliro anahema, humwambia aache kubeba maji, awaachie watoto. Akisikia risasi zimelia upande wa Beni, hupiga hata mara kumi mpaka apokelewe. Jumapili, kanisani, hupiga magoti kabla ya wengine na kumwombea Maliro maisha marefu, kwa jina lake kamili, kama lilivyokuwa limeandikwa kwenye bulletins.

Zamani alimwombea pia, na alijua kwa nini. Sasa hujaribu, katikati ya sala, kuitafuta ile sababu ya zamani, na haioni.

Juzi Maliro alicheka kwenye simu. "Mudogo wangu, tangu tuko batoto hukuwahi kunipenda hivi," alisema. "Kila siku, yaya umeamukaka, yaya umekula. Inanifurahisha roho."

Séphora aliihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Dawa umemeza?" aliuliza.